Miaka kumi ya karatasi, miaka mitano ya kazi: soma vizuri dhamana ya betri

Huko Masisi na Walikale, vijiji vingi havina waya wa umeme. Taa ya wodi ya wazazi, friji ya chanjo na nyumba ya kuchaji simu vinategemea paneli ya jua na betri ya lithiamu. Mnunuzi akifika dukani Goma, swali lake la kwanza ni moja: «Dhamana ni ya miaka mingapi?» Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linalotupotezea pesa.

Dhamana ya betri haina kikomo kimoja. Mara nyingi inasema hivi: betri itabakiza asilimia fulani ya uwezo wake mpaka miaka fulani ipite, au mpaka itoe kiasi fulani cha umeme, kipi kitangulie. Maneno hayo mawili, «kipi kitangulie», huandikwa kwa herufi ndogo. Muuzaji hutaja miaka tu.

Tuchukue mfano wa betri mbili za bei moja, kila moja ya kilowati-saa 5 (kwenye lebo utasoma kWh). Betri ya kwanza inaahidi kubakiza asilimia 70 kwa miaka 10 au kilowati-saa 12.000. Ya pili inaahidi asilimia 80 kwa miaka 5 au mizunguko 4.000, na mzunguko mmoja ni kilowati-saa 5 zote kutoka. Mizunguko hiyo ni sawa na kilowati-saa 20.000.

Sasa tuipeleke ya kwanza kwenye nyumba ya kuchaji simu Walikale. Usiku inatoa kilowati-saa 4. Mchana mawingu yakifunika, inatoa nyingine 2. Jumla ni 6 kwa siku, yaani 2.190 kwa mwaka. Gawa 12.000 kwa 2.190: dhamana inaisha baada ya miaka 5 na nusu hivi, si 10. Betri ya pili, kwa kazi hiyohiyo, ingefika karibu miaka 9 kwa hesabu ya mizunguko, lakini miaka 5 inatangulia.

Kwa muda, basi, zinakaribiana. Tofauti iko kwenye asilimia. Asilimia 70 ya 5 ni 3,5, na mwenye nyumba anahitaji 4 kila usiku. Betri inaweza kushuka hadi 3,6, wateja wakarudi na simu zimezimika, na muuzaji akamwambia kwa haki: «Bado iko ndani ya ahadi.» Asilimia 80 ni 4 kamili. Huyu achukue ya pili, au anunue kubwa zaidi: 4 gawa kwa 0,7 ni karibu 5,7.

Wodi ya wazazi kule Masisi inayotumia kilowati-saa 2 kwa usiku ina jibu lingine. Kwa mwaka ni 730, kwa hiyo zile 12.000 hazitaisha kabla ya miaka 10. Na hata ikibaki 3,5, bado inawatosha akina mama. Kwao betri ya kwanza inalinda muda mara mbili ya ile nyingine. Karatasi ni zilezile, kazi ndiyo imebadilisha jibu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. La kwanza ni joto. Ahadi nyingi hupimwa kwenye nyuzi 25. Vilima vya Masisi vina baridi, lakini Walikale ni msitu wa bondeni wenye joto, na chumba cha mabati kinapika betri mchana. Joto huizeesha hata ikiwa haifanyi kazi, na likizidi kikomo kilichoandikwa, dai lako linaweza kukataliwa. Iweke kivulini, penye hewa.

La pili ni ushahidi. Uwezo hupimwa kwa kujaza betri kabisa, kisha kuitoa taratibu, kwa kawaida kwa saa 5 hivi, huku mita ikihesabu. Fanya kipimo hicho siku ya kwanza, uandike namba na tarehe, na ukirudie kila mwaka. Bila daftari hilo utabishana kwa mdomo.

Halafu muulize muuzaji nani atabeba betri kuirudisha Goma. Tangu Januari 2025, vita vimepita Masisi, Goma na Walikale, na njia hufungwa bila kuaga. Dhamana isiyosema nani analipa usafiri, na ndani ya siku ngapi, kwa mtu wa Walikale ni nusu dhamana.

Kwa hiyo ukiingia dukani, nenda na namba moja mfukoni: kilowati-saa unazotumia kwa siku. Zidisha kwa 365, ugawe kiasi cha dhamana kwa jibu hilo, kisha uangalie kama kitakachobaki kinatosha usiku wako. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kiasi hicho kwenye karatasi, mwachie betri yake.