Skrini ya jukwaani: wapime umbali kwanza, pesa baadaye

Katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, waandaaji wa tamasha na wa mikutano ya raia wameanza kukodi skrini za ledi. Kosa linalorudi kila mara ni kuchagua skrini yenye nukta ndogo zaidi, eti ndiyo nzuri kuliko zote. Ni pesa kutupwa, na mara nyingine skrini yenyewe inabaki nusu giza.

Namba kama P2.6 ao P3.91 inaonyesha milimita zilizopo kati ya nukta moja ya mwanga na nyingine. Mafundi wana kipimo chepesi: kila milimita moja inahitaji karibu mita moja ya umbali. P3.91 inafaa basi mtu aliye mita nne na kuendelea. Akifika mita 13 hivi, jicho lenye afya haliwezi tena kutenganisha nukta zake.

Chukua uwanja wa mpira ambako mstari wa mbele uko mita sita kutoka jukwaani, na familia zilizohama vita zimesimama hadi mita 40. Skrini ina upana wa mita sita na urefu wa mita tatu: ni paneli 72 za nusu mita kwa nusu mita. Kwa P3.91, hizo ni nukta karibu milioni 1.2. Kwa P2.6, zinapita milioni 2.6.

Hapo ndipo kontrola inapoleta shida. Tundu moja la kebo ya data kwa kawaida linabeba nukta karibu 650,000. P3.91 inatosheka na matundu mawili. Kontrola yenye matundu manne inabakiza mawili ya akiba, na kebo za kurudi zikifungwa humo, picha haikatiki hata mtu akikanyaga kebo moja. Lakini P2.6 inadai matundu matano. Kwa kontrola ileile, paneli za mwisho hazitawaka, na watu watasema skrini imeharibika.

Na yule mama wa mita 40 atapata faida gani? Hakuna. Ili asome mahali pa kuandikishwa ao pa chanjo, anahitaji herufi zenye urefu wa sentimita 30 hivi, si nukta zilizobanana. P2.6 ina nafasi yake: ukumbini, watu wakikaa mita tatu.

Kwa hiyo mwandaaji, kabla ya kutoa dola, apime kwa mguu umbali wa mtu wa kwanza na wa mwisho. Kisha amuulize fundi: paneli ngapi, nukta ngapi kwa kila paneli, na kontrola ina matundu mangapi? Fundi asiyejibu hayo matatu, asipewe malipo ya kwanza.