Ruta inajizima, lawama anabeba mwingine

SAFU YA BIN BUYENZI

Umeme wa Bujumbura ukikatika kabisa, angalau kila mtu anajua la kufanya. Unaotutesa zaidi ni ule unaochezacheza: taa inafifia kidogo na kurudi, feni haijasimama hata, lakini ruta imeshazimika na inaanza upya. Mpaka ishike tena mtandao ni dakika mbili tatu, na hapo kampuni ya intaneti imeshatukanwa nyumba nzima.

Naitetea kampuni leo, jambo ambalo silifanyi kila wiki.

Duka moja la fotokopi jirani na soko la Ruvumera lilikuwa karibu kuhama kampuni kwa sababu intaneti ilikuwa ikipotea kila asubuhi. Kijana anayelisimamia akashauriwa afungue kwanza ukurasa wa ruta yenyewe, `192.168.1.1`, atazame mstari wa `System Up Time`, unaoonyesha ruta imekaa macho kwa muda gani. Akakuta dakika 11, na tangu alfajiri umeme haukuwa umekatika. Kama angekuta siku tatu na intaneti haipo, angejua tatizo liko nje, kwenye waya au mnara. Dakika 11 zilimwambia ruta inazimika hapo hapo dukani.

Akageuza ruta: chini imeandikwa 12 V, 1 A. Akasoma adapta: 12 V, 0.5 A. Ile ya awali iliungua, akauziwa nyingine kwa kuwa plagi yake iliingia kwenye tundu. Saa ambazo duka ni tupu, nusu ampea ilitosha. Wateja wakija na simu zao zote, ruta inavuta zaidi, adapta inalemewa, volti zinashuka na ruta inaanza upya. Umeme wa ukutani ukitikisika kidogo tu, mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana adapta iliyolemewa haina akiba ya kuvukia hata ule mpwito mfupi.

Kanuni ni fupi. Volti za adapta lazima zilingane na za ruta, si 9 kwa 12. Ampea ziwe sawa au zaidi; 2 A haiunguzi ruta ya 1 A, kwani ruta huvuta inachohitaji tu. Alama ya chanya na hasi iliyochorwa karibu na maandishi hayo nayo ifanane. Na fundi akikupimia adapta ikiwa haijachomekwa popote, akakuambia "mzee, hii nzima, inasoma 12," usimwamini haraka. Adapta iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo. Njia rahisi ni kuazima nyingine yenye maandishi sahihi na kuitumia siku nzima.

Nawaona pia wanaonunua stabilaiza kwa ajili ya ruta. Ni pesa ya bure. Adapta nzuri imeandikwa 100–240 V, kwa hiyo umeme ukishuka hadi 170 inaendelea na kazi yake. Umeme ukikatika, stabilaiza nayo inazimika.

Baada ya adapta sahihi ndipo ije betri ndogo, ile ya ukubwa wa kitabu inayokaa kati ya adapta na ruta na kutoa 12 V moja kwa moja. Soma maandishi yake kwa makini. 8800 mAh inayotangazwa kwenye boksi kwa kawaida imehesabiwa kwa seli za 3.7 V, si kwa 12 V. Zidisha: ni kama saa-wati 32, na nyingine zinapotea njiani, zinabaki kama 28. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na nusu. Anayekuahidi siku nzima anakuuzia maneno.

Betri hiyo inahitaji adapta kubwa kuliko ya ruta, 2 A au zaidi, kwa sababu inalisha ruta na kujichaji kwa wakati mmoja. Ukiipa ile ya 1 A, inalemewa na betri haijai. Ukiinunua, ijaribu palepale: chomoa ukutani huku ukitazama taa za ruta. Zikizimika zote na kuwaka upya, mrudishie mwenye duka. Na ujue mpaka wake: mnara ukikosa umeme na betri zake kuisha, ruta yako itawaka vizuri bila intaneti yoyote.

Kampuni zinazotufungia ruta majumbani zinaujua umeme wa mji huu kuliko sisi. Betri hii iwe ndani ya boksi tangu siku ya kwanza, na bei yake ielezwe wazi, mteja aamue.