Tupime Kwanza, Tulaumu Baadaye

Kamusi ya klabu yetu mtandaoni ilikuwa haipati neno lolote lenye ng', na kwa wiki tano hakuna aliyegundua. Tukamlaumu mwenzetu aliyegusa sehemu ya kutafuta mara ya mwisho. Hatimaye tukaandika:

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v1.2
```

Kati ya mabadiliko 200, Git ilituchagulia la katikati. Tukatafuta “ng'ombe”, tukajibu `good` au `bad`, nayo ikakata nusu tena. Baada ya majaribio 8 tulipata chanzo: badiliko la “usafi” tulilolipitisha sote, lililoondoa ritifaa katika neno linalotafutwa. Lakini liligusa faili 40, na kuupata mstari wenyewe kukatumalizia jioni. Kwa hiyo tunasisitiza: kila badiliko libebe jambo moja tu. Na mwenzetu tumemwomba radhi.