Methali si Yako, Lahani ni Yako

Imezuka miongoni mwa watunzi wetu vijana tabia ambayo haina budi kukemewa mapema. Mtu hutunga wimbo, akaupa jina la methali ya wazee na kuutia katika mapigo ya ngoma ya kwao. Mwezi wa pili akimsikia mwenziwe akiimba methali ile ile, hupiga kelele kuwa ameibiwa. Lakini mtu huyo huyo akiletewa karatasi na mwenye studio, huitia sahihi papo hapo bila kuisoma. Na hapo ndipo anaponyang'anywa kweli, wala hapigi kelele. Anapigania kisicho chake na kukigawa kilicho chake.

Maswali yafuatayo niliulizwa na kijana mmoja wa sekondari anayetunga nyimbo. Majibu mengine aliyapokea kwa uso uliokunjamana.

*Wimbo wangu unaitwa "Haba na Haba". Sasa kuna bendi imetoa wimbo wenye jina hilo hilo, nao pia unahusu kuweka akiba. Je, siwezi kudai?*

Huwezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi yenyewe kama ilivyotungwa, wala hailindi wazo. Kuimba juu ya akiba ni wazo. Methali ni mali ya wasemaji wote wa Kiswahili, nawe umeikuta kama alivyoikuta yeye. Jina la wimbo ni maneno mawili matatu tu, na aghalabu hayatoshi kuhesabiwa kuwa utungo. Kama sheria ingekupa haki unayoitaka, basi mtu wa kwanza kuimba juu ya mapenzi angewafunga midomo watunzi wengine wote. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kumtukana mwenzako.

*Basi kilicho changu ni kipi?*

Ni beti zako kama ulivyozipanga, na lahani yako, yaani jinsi sauti zinavyofuatana zikipanda na kushuka hata msikilizaji akautambua wimbo kwa kupigiwa mluzi tu, bila maneno. Mapigo ya ngoma si yako. Mtindo wa kupiga gitaa si wako. Lakini mtu akiichukua lahani yako akaitia maneno mengine, amechukua mali yako, hata kama hakugusa neno lako hata moja. Wapo wanaosema kuwa kuchukua sehemu fupi tu, sekunde chache, ni halali. Huo ni uvumi. Hakuna kipimo cha sekunde katika sheria. Linalotazamwa ni kama kilichochukuliwa ndicho kiini cha wimbo, na kiini chaweza kuwa kifupi sana.

*Kiitikio changu nimekitoa katika wimbo wa mavuno anaouimba bibi yangu. Beti nimetunga mwenyewe. Je, wimbo wote ni wangu?*

La. Beti ni zako, pamoja na lahani ya beti hizo. Kiitikio kinabaki kuwa cha jamii ya bibi yako. Sheria yetu ina sehemu inayohusu sanaa za jadi: inamruhusu mtunzi kuazima humo ili atunge kazi mpya, lakini kuazima hakumfanyi awe mwenye kilichoazimwa. Kesho kijana wa kijiji cha pili akikitumia kiitikio hicho hicho kwa beti zake, huna neno naye. Andika juu ya kazi yako kwamba kiitikio ni cha ngoma ya mavuno, na utaje mahali ilikotoka.

Hapa kijana alinung'unika. Alisema kuwa wageni huchukua nyimbo zetu wakiziita za jadi, sasa nami namwambia mambo yale yale. Hoja yake ni nzito, na jibu lake limo katika mkasa wa Solomon Linda.

Linda alikuwa Mzulu, kibarua mjini Johannesburg, na kiongozi wa kikundi cha waimbaji kilichoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 walirekodi wimbo "Mbube", maana yake simba, katika studio ya kampuni ya Gallo. Waliuimba mara tatu. Katika mara ya tatu, Linda, akiimba kwa sauti nyembamba ya juu, alizua papo hapo lahani ambayo haikuwamo mwanzoni. Husimuliwa kuwa haki za wimbo huo aliziuza kwa shilingi 10.

Santuri ikavuka bahari. Huko Marekani ikamfikia mwimbaji Pete Seeger, na kikundi chake, The Weavers, kikaurekodi kwa jina la "Wimoweh". Waliudhania kuwa wimbo wa jadi, usio na mtunzi. Mwaka 1961 ile lahani ya mara ya tatu ikatiwa maneno ya Kiingereza, ukawa "The Lion Sleeps Tonight", nao ukavuma dunia nzima. Mwaka 1962 Linda alifariki akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya Disney, The Lion King.

Tazama sasa palipoharibika. Neno la jadi lilibandikwa juu ya kazi ya mtu anayejulikana, na karatasi ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Familia yake iliokolewa na kifungu kimoja cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini: mtunzi akiwa ameuza haki zake, haki hizo huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, huo ni mwaka 1987. Mwaka 2004 wakili Owen Dean alifungua kesi dhidi ya Disney. Mwaka 2006 pande mbili zikapatana, warithi wakakubaliwa malipo ya nyuma na ya mbele, na "Mbube" ikatambuliwa kuwa ndiyo asili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiita cha jadi kuwa chako unawadhulumu wanakijiji. Na ukikiacha kilicho chako kiitwe cha jadi, unawafungulia mlango waliomfungulia Linda kaburi la umaskini. Mpaka kati ya viwili hivyo wewe ndiye unayeujua kuliko mwingine yeyote. Uandike.

*Je, nisipoandikisha wimbo COSOTA, sina haki?*

Unayo. Haki huzaliwa pale wimbo unapotungwa na hudumu maisha yako yote, na kwa warithi wako miaka 50 baada yako. Kuandikisha ni ushahidi tu, lakini ushahidi ndio unaotafutwa siku ya ugomvi.

*Mwenye studio anasema alilipia kurekodi, hivyo wimbo ni wake.*

Anachanganya vitu viwili, na huenda anachanganya kwa makusudi. Aliyegharimia kurekodi ana haki juu ya rekodi ile. Lahani na beti ni za mtunzi mpaka ahaulishe kwa maandishi. Kwa sababu hiyo ndiyo anakuletea karatasi. Itazame: kama imeandikwa kuwa unampa ruhusa ya kutoa rekodi kwa miaka mitatu, hiyo ni kodi ya nyumba. Kama imeandikwa kuwa unahaulisha haki zako zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, umeuza nyumba na kiwanja. Mwambie unataka kwenda nayo nyumbani siku mbili. Akikataa, mrudishie kalamu yake.