Ahadi ya Shamba Inapoingia kwenye Harusi

Ahadi ya barabara haigombanishi mtu. Ahadi ya shamba, hapa visiwani, ni jambo jengine kabisa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na wananchi wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo katika kijiji kimoja utakuta nyumba ambayo babu yao aliipanda mikarafuu, na jirani yake ni nyumba ambayo babu yao alipewa eka zenye mikarafuu ile ile. Wajukuu wamesoma pamoja, wamechuma karafuu pamoja, wameoana. Jambo lile halikusahaulika, lilinyamaziwa tu.

Sasa anakuja mgombea wa udiwani, anapanda jukwaani: "Kila mwenye eka tatu atapata hati yake." Wiki ya pili mpinzani wake naye: "Kila aliyedhulumiwa atarudishiwa chake." Wote wawili wanapigiwa makofi. Lakini kijiji kizima kinajua hati ya nani, na chake nani. Hapo haijaahidiwa maendeleo, imekatwa hukumu baina ya nyumba mbili.

Sisi wa cherehani tunayaona mapema. Kwenye harusi moja ya nyumba mbili za namna hiyo, tulishachukua vipimo vya sare za wanawake kumi na wawili. Baada ya mikutano ile, watano wa upande wa bwana harusi wakatuma mtoto kuja kuchukua vitambaa vyao, havijakatwa. Hakuna aliyetaja siasa. Mmoja alisema ana safari, mwengine mgonjwa. Bibi harusi akabaki anatuuliza sisi kama shangazi zake mume watakuja au hawaji!

Na la kuudhi zaidi, diwani hana uwezo huo. Kazi yake ni masoko, usafi, taka, mambo ya halmashauri. Habari za hati ziko Kamisheni ya Ardhi, na mgogoro unapelekwa Mahakama ya Ardhi. Anayeahidi shamba anaahidi kitu kisichokuwamo mkononi mwake, ila chuki anaiacha kwetu.

Wenye umri wanakumbuka Pemba baada ya uchaguzi wa 1995: watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko, ilhali kumsindikiza maiti na kuitikia mwaliko ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Ilibidi yaje maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 ndipo wengi wakarudi kusalimiana.

Kwa hiyo mgombea akitaja shamba, dada, muulize pale pale mkutanoni, mbele ya watu: ni shamba lipi, na kwa ofisi gani? Wanawake wa kijiji kile walimuuliza mmoja wao. Akahamia kwenye maji ya mfereji.