HELA YA NOAH ISITUMWE KABLA HATUJASOMA HESABU YA USHURU



Nawaandikia kuhusu gari la kikundi. Wote mnajua kwamba wenzetu wa kikundi cha vijana wamechanga, wengine kwa hela ya pamba na mpunga, ili waagize Noah iliyotumika kutoka Japani, ifanye kazi ya abiria kati ya hapa, Lamadi na Magu. Jumatatu wanatakiwa kutuma hela ya ushuru kwa ndugu mmoja wa Dar es Salaam aliyejitolea "kuwasaidia". Nimekaa na karatasi zao jioni mbili. Maoni yangu ni kwamba hela hiyo isitumwe kwa mtu, na wala isitumwe kwa kiasi kilichotajwa. Nitaeleza kwa nini, kisha kila mmoja apime.

Kosa la kwanza liko kwenye hesabu. Ndugu wa Dar alichukua bei iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji, pamoja na nauli ya meli na bima, akapigia ushuru hapo. TRA kwa gari lililotumika haiishii kwenye ankara. Ina mfumo wake wa thamani za magari, na mtu yeyote anaweza kuufungua kwa simu kwenye tovuti ya TRA, sehemu iliyoandikwa Used Motor Vehicle Valuation System. Unajaza aina ya gari, modeli, umbo, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta linayotumia na ukubwa wa injini. Mfumo unakuonyesha thamani ambayo forodha itaanzia, na kodi zake. Ankara yako ikiwa chini ya thamani hiyo, jiandae kukadiriwa kwa thamani ya mfumo.

Nitumie namba za mviringo ili tuelewane. Tuseme ankara inasema gari limefika bandarini kwa shilingi milioni 8, lakini mfumo unasema milioni 10. Noah hii ina injini isiyozidi sisi 2,000, na ilitengenezwa mwaka 2011, kwa hiyo imevuka miaka kumi.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya milioni 10, yaani 2,500,000. Sasa tunasimama kwenye 12,500,000. Juu ya hapo unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000, ambao ni 625,000. Halafu kuna ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri: gari la abiria la zaidi ya miaka kumi linalipa asilimia 30, yaani 3,750,000. Jumla imefika 16,875,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo yote: 3,037,500. Ukikusanya kodi hizo nne unapata 9,912,500. Bado hujaweka tozo ya reli, ada ya forodha, ada ya usajili, gharama za bandari na malipo ya wakala.

Kwa maneno mengine, gari la zaidi ya miaka kumi linalipiwa kodi inayokaribia thamani yake yote. Ndugu wa Dar, kwa kutumia ile milioni 8, aliwaambia vijana kodi ni kama 7,900,000. Pengo ni karibu milioni 2. Pengo hilo lisipojazwa gari halitoki, na kila siku linapolala bandarini baada ya siku za bure kuisha linadaiwa hela ya hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo uwe umeingizwa kwenye maombi ya forodha ndani ya siku 21. Ukiachwa, safari yake inaishia kwenye ghala la forodha na baadaye mnadani.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo ilificha. Mtu akisikia Noah ya miaka tisa ina thamani ya milioni 12, anakimbilia ile ya milioni 10 kwa sababu ni rahisi. Lakini gari la miaka minane hadi kumi linalipa ushuru wa umri wa asilimia 15 badala ya 30. Ukipiga hesabu ileile, kodi nne za gari la milioni 12 zinakuja 9,240,000, pungufu ya zile za gari kuukuu. Thamani na kodi kwa pamoja, gari la miaka tisa linafika 21,240,000, na la zaidi ya miaka kumi 19,912,500. Tofauti ni milioni 1.3 tu kwa gari ambalo halijachoka vile. Vijana hawa wangepewa hesabu hii kabla ya kununua, huenda wangechagua tofauti. Na mwaka unaohesabiwa ni wa kutengenezwa. Matangazo mengi ya wauzaji yanaonyesha mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza kule Japani, nao unaweza kuwa mbele ya ule wa kutengenezwa. Hapo ndipo mtu anajikuta ameingia fungu la asilimia 30 bila kujua.

Kosa la pili ni kutuma hela kwa mtu. Ni kweli kwamba huwezi kujaza nyaraka za forodha mwenyewe. Ni lazima upite kwa wakala wa forodha mwenye leseni. Lakini kazi ya wakala ni kujaza nyaraka. Kodi haikai mfukoni mwake. Nyaraka zikishapokelewa na gari likishakadiriwa, inatoka namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroli namba, ikiwa na kiasi kamili kinachodaiwa. Namba hiyo unaweza kuilipia benki hapahapa wilayani au kwa simu, na jina la mpokeaji litatokea kuwa TRA. Wakala anayesema "nitumieni mimi nilipe, ni haraka zaidi" atuambie kwanza kwa nini hataki kutuma namba yenye tarakimu chache tu.

Nasema hivi si kwa kubahatisha. Yupo mwanachama wetu aliyetuma hela ya ushuru kwa mtu, akarudishiwa picha ya stakabadhi kwa simu. Miezi miwili baadaye gari lilikuwa bado bandarini. Stakabadhi ilikuwa ya gari jingine, namba ya chesi ikiwa imefunikwa kidole kwenye picha. Alilipa kodi upya na hifadhi juu yake.

Kwa hiyo stakabadhi isomwe, isitazamwe tu. Iwe na jina na TIN ya mwenye gari, na kiasi kilingane na kilichokadiriwa. Iambatane na nakala ya tamko la forodha, ambalo mawakala huliita TANSAD, lenye namba ya chesi ileile iliyo kwenye hati ya meli na kwenye cheti cha Japani cha kufuta usajili. Herufi moja ikitofautiana, simamisha. Ukiwa na shaka, chukua namba ya TANSAD na ya chesi uende ofisi ya TRA ya mkoa, Bariadi, uulize kama gari hilo limelipiwa. Nauli ya kwenda Bariadi ni ndogo kuliko majuto.

Kosa la tatu halijatokea bado, na ndilo linalonitisha zaidi. Hati ya meli ya Noah hii imeandikwa jina la ndugu wa Dar, eti kwa sababu kikundi hakikuwa na TIN. Jina la kwenye hati ya meli ndilo linaloingia kwenye tamko la forodha, na la kwenye tamko ndilo linaloingia kwenye kadi ya gari. Kodi yote ikishalipwa kwa jasho la vijana ishirini, kadi itasoma jina la mtu mmoja ambaye hajatoa hata shilingi, na kisheria atachukuliwa kuwa ndiye mwenye gari. Kubadili jina baadaye ni uhamisho wa umiliki wenye kodi yake, tena kwa hiari ya mwenye kadi.

Hapa bado kuna nafasi ya kurekebisha, kwa kuwa meli haijafika. Kikundi kichukue TIN yake, kisha muuzaji aombwe kubadilisha jina la mpokeaji kwenye hati ya meli. Wauzaji hutoza kidogo kwa kazi hiyo, lakini hufanya. Baada ya tamko kuingia forodha, mlango huo unakuwa mgumu.

Wakati wa usajili, wakala aambiwe mapema kwamba gari ni la biashara, maana kibao cha gari la biashara ni cheupe na cha gari binafsi ni cha njano. Kadi ikitoka, mtu wa kikundi aisome kabla gari halijaondoka Dar: jina, namba ya chesi, namba ya injini, mwaka, rangi. Leseni ya LATRA ya kubeba abiria ni hatua nyingine baada ya hapo. Kibao cheupe peke yake hakiruhusu kupakia mtu.

Wapo watakaosema ndugu huyu ni mwenzetu, tunamvunjia heshima. Simtuhumu kwa lolote. Nasema kama ni mwenzetu, hatachukia kutuma kontroli namba na kuona kadi imeandikwa jina la kikundi.

Kwa upande wa chama, napendekeza mambo mawili kwa kikao cha tawi. Diwani wetu aombe TRA Simiyu ije Nyashimo siku ya mnada kuonyesha watu mfumo wa thamani kabla hawajanunua, maana wengi hukutana nao gari likiwa limeshafika. Na wanachama wajue kwamba ukadirio unaweza kupingwa: sheria inampa mwenye mzigo siku 30 kumwandikia Kamishna akiomba uamuzi upitiwe upya, akiwa na ankara na ushahidi wa malipo ya benki kwa muuzaji. Anayeona ushuru wa umri unawabana watu wa vijijini, na mimi ni mmoja wao, alete hoja kikaoni tumpe mbunge wetu kabla ya bunge la bajeti. Kughushi mwaka wa gari hakutapunguza ushuru huo kwa mtu yeyote mwingine.

Kikundi tukutane Jumapili saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Mje na ankara, hati ya meli na cheti cha Japani.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi
Nyashimo, Busega