Jina la nje, jina la ndani

Wenzangu, kwenye kipindi cha wiki hii niliwaahidi stori ya nyimbo za mzee wangu. Ndiyo hii, na aibu yangu imo.

Miaka ya nyuma Baba alihamisha kanda zake kwenda kwenye kompyuta, faili 47. Kila faili alilipa jina kwa mkono wake, mfano "K3B - Shida - Moro". Maana yake kanda ya tatu, upande B, wimbo Shida wa Mbaraka Mwinshehe, na kanda yenyewe ilinunuliwa Morogoro. Ila ukipiga kwenye gari lake kioo kinaandika "Okänd artist", kwa Kiswidi kabisa, msanii hajulikani. Mbaraka hajulikani! Yaani nilikasirika.

Jumapili nikaenda kwao Husby, nikafungua folda na kuanza kuandika majina upya, mazuri, moja moja. Nilipofika la 12 nikashuka garini kujaribu. Bado "Okänd artist".

Kumbe faili la mp3 lina majina mawili. La nje ni lile unaloliona kwenye folda. La ndani linaitwa tagi, limeandikwa ndani ya faili lenyewe, na vichezeo vingi vinasoma hilo tu. Ukibadilisha la nje, la ndani halina habari.

Halafu Baba akaja kuchungulia. "Moro iko wapi?" Nilikuwa nimeifuta, pamoja na namba za kanda. Yale maandishi ndiyo yalikuwa daftari lake, hayakuwa pengine popote. Kati ya yale 12 alikumbuka tisa. Matatu hakuna anayejua tena yalitoka kanda gani.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na kwanza nakilini folda nzima pembeni. Mimi natumia programu ya bure kwenye Windows, Mp3tag. Chagua mafaili yote. Kazi ya kwanza kabisa ni kulihifadhi jina la zamani ndani ya faili. Kwenye menyu ya Convert chagua "Tag - Tag", uwanja wa COMMENT, na uandike:

```
%_filename%
```

Sasa maneno ya mzee yanasafiri na wimbo, hata jina la nje likibadilika mara mia. Kisha "Filename - Tag", ili jina la nje ligawanywe vipande na kuingizwa ndani:

```
%album% - %title% - %dummy%
```

K3B inakuwa albamu, Shida inakuwa jina la wimbo, na dummy ni kipande cha kurukwa. Moro tayari iko kwenye COMMENT. Angalia onyesho kabla ya kukubali. Faili ambalo mzee alisahau kistari chake litavuruga mpangilio, na utaliona hapo hapo.

Msanii nilimwandika kwa mkono, na hapa ndipo muda ulipokwenda. Mafaili machache yalikuwa na tagi za zamani, na Mbaraka alikuwa watu watatu: "Mbaraka Mwinshehe", "Mwinshehe Mbaraka", na "Mbaraka Mwinshehe na Orchestra". Orchestra ipi? Hesabu herufi na nafasi za hilo la tatu: 30 kamili. Tagi za kizamani, ID3v1, zina nafasi 30 tu kwa jina la msanii, kwa hiyo Super Volcano ilikatwa mkia. Ukiona majina yanakatika yote sehemu moja, sababu ni hiyo. Mimi niliamua msanii awe "Mbaraka Mwinshehe" kila mahali, na bendi niiongeze mwisho wa COMMENT, maana kabla ya 1973 alikuwa Morogoro Jazz na mzee hataki zichanganywe.

Tagi zikishakuwa safi, jina la nje linatengenezwa kutoka ndani, kwa "Tag - Filename":

```
%artist% - %title% - %album%
```

Ikawa "Mbaraka Mwinshehe - Shida - K3B". Usiache albamu. Baba ana Shida mbili, kutoka kanda mbili, na folda moja haikubali majina mawili yanayofanana. Pia alama ya kuuliza haikubaliki kwenye jina la faili la Windows, kwa hiyo "Mashemeji Wangapi?" itabaki na alama yake ndani tu. Na kama una orodha za m3u, zitengeneze upya, zinatafuta majina ya zamani.

Gari sasa linamjua Mbaraka. Yale matatu nimeyaandikia "K?" kwenye albamu, jina la nje lina K peke yake. Baba huyapiga akiendesha, anasikiliza mikwaruzo ya kanda, akitafuta ni ipi. Wiki iliyopita alinipigia simu: "Moja nimeipata. Ni ya kwa shangazi yako."